Kainuk Iandikwe Wapi?

Mtu mwenye Landikruza tatu za kukodisha mjini Lodwar, akiamua kufungua tovuti, hapati taabu na kurasa mbili za mwanzo: sisi ni nani, na tunapatikana wapi. Taabu huanza anapofika kwenye jambo ambalo wateja wa mbali humuuliza kabla ya jambo lingine lolote, nalo ni Kainuk.

Kainuk ni mji mdogo wa Turkana Kusini, mpakani na Pokot Magharibi, na ndio unaompokea msafiri anayeingia kaunti ya Turkana kwa barabara kuu ya A1 kutoka Kitale. Mbele yake iko Lokichar, kisha Lodwar, kisha Kakuma, na barabara inaendelea hadi Sudan Kusini. Kwa miaka mingi kipande cha Kainuk kuelekea Lokichar kimeandamwa na mashambulizi ya watu wenye bunduki, na magari yalizoea kusubiriana ili yasindikizwe na askari. Ndiyo maana anayepanga safari kutoka Nairobi au ng'ambo haanzi kwa kuuliza bei ya gari. Anauliza kwanza kama atapita salama. Mwenye magari anajua kwamba hana budi kuandika jibu. Asichojua ni mahali pa kuliweka: kwenye ukurasa unaoeleza huduma yake, au kwenye makala ya blogu ndani ya tovuti hiyo hiyo.

Mwenye magari huyu ni wa mfano tu, lakini nitalifuata swali lake mpaka mwisho, kwa sababu Kainuk ni mada ngumu kuliko nyingi. Ndani yake mna biashara, mna historia, na mna habari za leo asubuhi, zote chini ya jina moja. Anayeweza kuigawa mada hii vizuri hatasumbuliwa na mada kama Eliye Springs au Kakuma.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Ukurasa wa huduma hauna tarehe. Unasema kwa niaba ya biashara, kwa wakati uliopo, na mwisho wake ni tendo: piga simu, weka nafasi, lipa. Ukiwa bado uko hewani, msomaji ana haki ya kuamini kwamba kila sentensi iliyomo ni kweli leo. Makala ya blogu ina tarehe, na tarehe hiyo ndiyo mpaka wake. Inaeleza jambo lilivyo au lilivyokuwa siku mwandishi alipoandika, na msomaji anajua kwamba akiikuta miaka miwili baadaye atahitaji kuuliza kama mambo yamebadilika. Tofauti hii imejengwa hata ndani ya mitambo. WordPress, ambayo inaendesha tovuti nyingi za biashara ndogo, ilianza mwaka 2003 kama chombo cha blogu, na sehemu ya kurasa za kudumu iliongezwa katika toleo la 1.5 mwezi Februari 2005. Mpaka leo ukiingia kwenye dashibodi yake unakuta `Posts` juu na `Pages` chini. Mtu asiyeambiwa hubonyeza iliyo juu. Huduma yake kuu anaiandika kama makala, na kila anapoandika kingine, huduma ile inasukumwa chini, hadi baada ya miezi sita mteja anayefungua tovuti kwa simu haioni tena.

Wataalamu wa utafutaji wana kipimo cha zamani ambacho bado kinafaa. Mwaka 2002 Andrei Broder aliyagawa maswali ambayo watu huyaandika kwenye injini za kutafuta katika makundi matatu: mtu anayetafuta tovuti fulani anayoijua tayari, mtu anayetaka kujua jambo, na mtu anayetaka kufanya jambo. Ukichukua mgawanyo huo, kanuni inajitokeza yenyewe. Anayetaka kujua mpe makala, na anayetaka kufanya mpe ukurasa wa huduma. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu suala hili unaishia hapo. Kwa maneno kama "kukodi gari Lodwar" unatosha kabisa. Kwa Kainuk hautoshi, kwa sababu anayeuliza habari za Kainuk anataka kujua ili afanye. Akishajiridhisha atalipia gari dakika ileile.

Hatua ya kwanza ya kutoka kwenye mkwamo huu ni kuacha kuandika orodha ya mada na kuandika orodha ya maswali. Mada ni neno moja, "Kainuk", na neno halina mahali pake. Swali lina mahali pake. Maswali hayahitaji kubuniwa, kwani yamo kwenye simu ya mwenye magari. Afungue ujumbe wa WhatsApp wa miezi mitatu iliyopita, anakili kila ujumbe uliotaja Kainuk jinsi ulivyoandikwa, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa mchanganyiko, na asisahihishe chochote. Maneno ya wateja ndiyo yatakayoandikwa kwenye Google, na mara nyingi hayafanani na maneno ya mwenye biashara. Yeye anasema "huduma za usafiri wa barabarani", lakini mteja anaandika "gari ya Kitale to Lodwar ni how much".

Tuseme anapata ujumbe wa aina nne. Wa kwanza: mna gari la kutoka Kitale hadi Lodwar, na linapita Kainuk saa ngapi? Wa pili: mkifika Kainuk mkakuta njia imefungwa, pesa yangu inakuwaje? Wa tatu: kwa nini watu wanaiogopa sana Kainuk, na mambo yamebadilika kiasi gani? Wa nne: leo njia iko sawa?

Maswali yote manne ni ya Kainuk, na hayaendi mahali pamoja.

Kipimo ninachokiamini zaidi hapa hakihusu injini ya kutafuta. Kinahusu nani anawajibika kwa sentensi. Chukua kila jibu na ujiulize: jambo hili likibadilika, ni nani ameliamua? Kama ni mwenye biashara mwenyewe, jibu ni la ukurasa wa huduma, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuahidi kwamba litabaki kweli. Kama limeamuliwa na wengine, iwe serikali, hali ya usalama au mkandarasi wa barabara, basi yeye ni shahidi tu, na ushahidi huandikwa kwa tarehe. Hiyo ni makala. Na kama linaweza kubadilika kabla ya jua kutua, halina mahali kwenye tovuti hata kidogo.

Tuanze na lile la kwanza. Saa ya kuondoka Kitale ni uamuzi wa mwenye magari. Kutopita Kainuk gizani ni uamuzi wake pia, hata kama hatari yenyewe hakuileta yeye. Kwa hiyo ukurasa wake wa gari la Kitale hadi Lodwar unapaswa kuwa na maneno ya aina hii, waziwazi, karibu na bei: "Tunaondoka Kitale saa 12 asubuhi ili tupite Kainuk mchana. Hatusafiri usiku kati ya Kainuk na Lokichar kwa malipo yoyote. Ukichelewa, tutaondoka kesho yake." Hizo ni sentensi fupi ambazo mtu anaweza kumshika nazo. Swali la pili nalo ni la hapo hapo: njia ikifungwa baada ya malipo, anarudishiwa yote, nusu, au anahamishiwa tarehe nyingine, na nani analipa chumba cha kulala Kitale usiku huo.

Najua wenye biashara wengi wangependa kulificha hili. Hoja yao ni kwamba ukurasa wa huduma ni wa kuuza, na kutaja Kainuk kwenye ukurasa wa kuuza ni kufukuza wateja, kwa hiyo jambo hilo liwekwe mbali kwenye blogu ambako atakayelihitaji atalikuta. Sikubaliani nao hata kidogo. Mteja anayeogopa Kainuk tayari anaijua Kainuk, na ukimya wa ukurasa hauondoi hofu yake. Unachofanya ni kumpeleka kwenye tovuti nyingine. Asiyeijua ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa kabla ya kulipa. Masharti yanayobadilisha safari ya mtu lazima yakae mahali pesa inapotolewa, na mahali hapo ni ukurasa wa huduma.

Swali la tatu, kwa nini Kainuk inaogopwa na nini kimebadilika, ni makala kamili, na ni makala yenye thamani kubwa ikiandikwa na mtu anayepita pale kila wiki. Humo ndimo mna nafasi ya kueleza mzozo wa muda mrefu wa malisho na mifugo kati ya jamii jirani, jinsi silaha zilivyoingia, jinsi barabara mbovu ilivyolazimisha magari kutambaa na kuwa shabaha rahisi, na jinsi lami mpya ilivyobadilisha mwendo. Humo ndimo mna nafasi ya kusema kwamba mwezi Februari 2023 serikali ilituma jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, na kutangaza amri ya kutotoka nje usiku kwa siku 30.

Amri hiyo inafaa kuangaliwa kwa karibu. Fikiria mwenye magari aliyeiandika Februari ile kwenye ukurasa wake wa huduma: "Kwa sasa kuna amri ya kutotoka nje usiku." Sentensi hiyo ilikuwa kweli kabisa siku ile. Lakini ukurasa wa huduma hauna tarehe, na neno "kwa sasa" linaanza upya kila msomaji anapolisoma. Mtu aliyeufungua mwaka mmoja baadaye aliambiwa jambo la mwaka uliopita kana kwamba ni la leo, na huenda aliahirisha safari bila sababu. Sentensi ile ile ndani ya makala ya Februari 2023 haimdanganyi mtu mpaka leo. Inabaki kuwa kumbukumbu ya jinsi mambo yalivyokuwa. Kosa la kuweka mada mahali pasipo pake mara nyingi halionekani siku ya kuandika. Huonekana baada ya muda, na anayeligundua ni mteja.

Kuna jaribu la kuikwepa kazi hii kwa kubadilisha tarehe ya makala ya zamani ili ionekane mpya. Google wenyewe, katika mwongozo wao kwa wenye tovuti, wanawauliza kama wanabadilisha tarehe za kurasa ili zionekane mpya hali yaliyomo hayajabadilika sana, na wanaitaja kama dalili mbaya. Kuhusu barabara kama hii kuna sababu nzito kuliko Google. Tarehe ya uongo juu ya habari za usalama inaweza kumpeleka mtu barabarani saa ambayo hakupaswa kuwa barabarani. Ikiwa mambo yamebadilika, andika upya sehemu iliyobadilika, kisha weka tarehe mpya na uonyeshe ya kwanza ilikuwa lini.

Lile swali la nne, leo njia iko sawa, ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa wanadhani lazima kila swali lipate ukurasa. Hili halipati. Jibu lake linatoka kwa dereva aliyepita asubuhi na kwa polisi walio njiani. Tovuti isiyo na mtu wa kuiangalia saa zote haiwezi kulibeba. Ukurasa wa huduma unachoweza kufanya ni kutoa nambari ya simu na kusema saa ambazo mtu hupokea. Kuandika "njia ni salama" mahali popote kwenye tovuti, iwe ukurasani au kwenye makala, ni kuahidi jambo ambalo halimo mkononi mwako.

Kwa hiyo Kainuk imegawanyika: uamuzi wa biashara umekwenda kwenye ukurasa wa huduma, maelezo ya eneo yamekwenda kwenye makala, na hali ya leo imekwenda kwenye simu. Ukurasa na makala viunganishwe kwa kiungo kimoja kila upande. Kwenye ukurasa, chini ya sharti la kutosafiri usiku, kiwepo kiungo cha makala kwa anayetaka kujua sababu. Kwenye makala, pale msomaji anapojifunza kwamba magari hupita mchana, kiwepo kiungo cha ukurasa wenye saa na bei. Viungo vikiwa kumi havisaidii, kwa sababu msomaji wa simu hajui abonyeze kipi.

Hapo ndipo hatua ya kuangalia Google inapofaa, baada ya mtu kujua anachotaka kusema. Andika swali la mteja kama alivyoliandika, katika dirisha ambalo halijaingia kwenye akaunti yako, utazame matokeo kumi ya mwanzo ni ya aina gani. Ukiandika jina Kainuk pekee, utakutana zaidi na habari za magazeti na runinga. Hiyo inakuambia kwamba Google wamekwisha kuamua kuwa anayeandika neno hilo anataka habari, na ukurasa wa huduma hauna nafasi hapo. Wala makala yako haitawashinda wenye magazeti kwa habari za siku, na isijaribu. Inaweza kupata nafasi kwa swali ambalo magazeti hayalijibu, kama vile msafiri wa kawaida afanye nini anapopita. Ukiandika maneno ya kukodi gari Lodwar na matokeo yakawa ni kampuni, ramani na nambari za simu, hapo makala ndefu ya maelezo haitafika mbali hata iwe nzuri namna gani. Matokeo yakiwa mchanganyiko, nusu kampuni na nusu maelezo, ndipo unapolazimika kurudi kwenye kipimo cha nani anawajibika. Kipimo hiki cha macho kina mpaka wake: kwa maswali ya Kiswahili kuhusu Turkana, kurasa zilizoandikwa ni chache, na Google huonyesha walicho nacho. Kutoona kurasa za huduma kwenye matokeo ya Kiswahili huenda kukamaanisha tu kwamba hakuna aliyeziandika.

Kakuma inaleta ugumu wa namna nyingine. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na iko kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Wageni wanaokwenda kufanya kazi au utafiti huko ni sehemu kubwa ya wateja wa gari la kukodi. Wanauliza jambo moja: kibali cha kuingia kambini kinapatikanaje? Mwenye magari anaona swali linaulizwa sana, linaulizwa na watu wenye pesa, basi anafungua ukurasa wa huduma wenye kichwa "Kibali cha Kuingia Kakuma". Hapo ameteleza. Kibali kinatolewa na Idara ya Huduma za Wakimbizi, na mtafiti anahitaji pia leseni ya NACOSTI. Yeye hatoi chochote kati ya hivyo. Ukurasa wa huduma kwa jambo usilolitoa unamfanya msomaji aamini kwamba kibali kinanunuliwa kwako, na wapo watakaotuma pesa kwa imani hiyo.

Hiyo ni makala, yenye tarehe, inayotaja idara inayohusika na kumpeleka msomaji huko. Sasa, ikiwa mwenye magari ana mfanyakazi anayempeleka mgeni ofisini, anayejua karatasi zipi hutakiwa, na analipwa kwa kazi hiyo, basi sehemu hiyo ndogo ni huduma. Lakini iandikwe kwa jina lake halisi, kwamba ni kumsindikiza mgeni ofisini. Nayo haihitaji ukurasa wake. Inatosha aya moja ndani ya ukurasa wa gari la Lodwar hadi Kakuma, kwa sababu hakuna anayeinunua peke yake.

Swali la ukurasa mzima au aya ndani ya ukurasa linaharibu tovuti nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu akishaelewa kwamba kurasa za huduma ndizo zinazoleta wateja, hutaka kuwa nazo nyingi. Anaandika "Kukodi Gari Kainuk", anainakili na kubadilisha jina kuwa Kalemng'orok, kisha Lokichar, kisha Lokichoggio. Maneno ni yale yale, magari ni yale yale matatu, nambari ya simu ni ile ile, na yote yameegeshwa Lodwar. Sera za Google dhidi ya udanganyifu zinazitaja kurasa za namna hii: kurasa nyingi zinazofanana, kila moja na jina la mji wake, zote zikimpeleka msomaji mahali pamoja. Tovuti inaweza kushushwa kwenye matokeo kwa sababu ya kurasa hizo. Mji unastahili ukurasa wake wa huduma pale tu ambapo kitu kinachouzwa kinabadilika kwa sababu ya mji huo. Kama kuna gari linalolala Lokichar na dereva wake, bei ya kuchukuliwa huko itakuwa tofauti, na ukurasa una cha kusema. Kama Kainuk ni mahali pa kupita tu, hakuna huduma inayoitwa Kainuk, na ukurasa wa jina hilo utakuwa mtupu.

Kuna mada zinazohama. Safari za Eliye Springs, ufukoni mwa ziwa Turkana, mara nyingi huanza kama makala: tulikwenda, mchanga ulikuwa hivi, lala hapa, beba maji. Makala ikianza kuleta simu, na mwenye magari akawa amepanga bei, gari na siku, mada hiyo imekomaa na kuwa huduma. Wakati huo asiifute makala wala asiigeuze kuwa tangazo. Afungue ukurasa mpya wa huduma wenye bei na ratiba, na makala ibaki kuwa simulizi la safari lenye kiungo cha kwenda huko. Ada za hifadhi, kama ile ya Kisiwa cha Kati ziwani humo, zisinakiliwe kwenye ukurasa wa huduma kana kwamba ni zake. Ni za KWS, na KWS wakizibadilisha ukurasa wake utakuwa unasema uongo bila yeye kujua. Aandike bei yake ya gari na boti, aseme ada ya hifadhi haimo, na aelekeze kwa wenyewe.

Kinyume chake kipo pia. Tamasha la Tobong'u Lore huja Lodwar na kuondoka, na vyumba na magari huadimika siku hizo. Watu huandika makala mpya kila mwaka, na baada ya miaka michache tovuti ina makala nne zinazogombania swali moja, na ya zamani huweza kuishinda mpya kwa sababu imeunganishwa na wengi. Tukio linalorudi linafaa kuwa na anwani moja isiyo na mwaka ndani yake, ukurasa wa gari na usafiri wa tamasha, unaosahihishwa kila tarehe zinapotangazwa. Tukio lisilorudi ni makala tu. Jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, na giza likapita juu ya Turkana, wageni walikuja kutoka nchi nyingi. Aliyeandika kuhusu siku hiyo kwa tarehe yake alifanya sahihi, na maandishi yake hayahitaji kuguswa tena.

Utajuaje kwamba mada imekaa pasipofaa? Anza kwa kuangalia ni kurasa zako zipi ambazo Google inazo kuhusu jambo moja. Andika hivi, ukiweka anwani ya tovuti yako mahali pa hii ya mfano:

```
site:example.com Kainuk
```

Zikitokea kurasa tatu au nne zenye vichwa vinavyofanana, una kazi. Kisha fungua Search Console, ingia sehemu ya `Performance`, chagua swali moja chini ya `Queries`, halafu bonyeza `Pages` uone ni ukurasa upi unaoonyeshwa kwa swali hilo. Dalili ya kwanza ni makala kuonyeshwa kwa swali la kununua. Ukikuta swali la kukodi gari linaleta watu kwenye simulizi la safari ya Eliye Springs, basi ukurasa wako wa huduma haujasema wazi unauza nini, na makala imeufanyia kazi yake vibaya. Dalili ya pili ni kurasa mbili kupokezana kwa swali moja, wiki hii huu, wiki ijayo ule, na hakuna unaopanda. Hapo maandishi yako mawili yanajibu jambo moja. Dalili ya tatu haimo kwenye Search Console, imo kwenye simu: mteja anapiga kuuliza jambo ambalo umeliandika. Ameshindwa kuliona kwa sababu liko kwenye makala, naye alikuwa kwenye ukurasa wa huduma.

Usihukumu kwa wiki moja. Maswali kuhusu Lodwar na Kakuma ni machache kwa siku, na Search Console huyaficha maswali yaliyoandikwa na watu wachache mno ili kulinda faragha yao. Tazama angalau miezi mitatu. Chombo hicho huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo mtu anaweza kulinganisha na msimu kama huo wa mwaka uliopita.

Kurasa mbili zikijibu swali moja, chagua itakayobaki kwa kipimo kile kile cha nani anawajibika. Hamishia humo sentensi zote nzuri za ile nyingine, kisha ielekeze anwani ya zamani kwenye mpya ili aliyehifadhi kiungo asikute ukurasa uliokufa. Kwenye seva ya Apache, mstari mmoja ndani ya faili la `.htaccess` unatosha:

```
Redirect 301 /blogu/usafiri-kitale-lodwar /huduma/gari-kitale-lodwar
```

Nambari 301 inaiambia Google kwamba uhamisho ni wa kudumu, nayo huanza kuuchukua ukurasa mpya badala ya ule wa zamani. Huchukua wiki kadhaa kabla matokeo hayajatulia, na katika muda huo nafasi inaweza kuyumba. Usielekeze makala ya historia ya Kainuk kwenye ukurasa wa gari kwa tamaa ya kuupa nguvu. Aliyebonyeza kusoma kwa nini magari yalisindikizwa, akajikuta mbele ya bei, ataondoka. Google nayo inaweza kuuchukulia uelekezaji wa namna hiyo kama ukurasa ambao haupo.

Mwisho ni nani wa kuzitazama kurasa hizi. Ukurasa wa huduma wa mwenye magari wetu una mambo manne yanayoweza kuharibika: bei, saa ya kuondoka, sharti la Kainuk na nambari ya simu. Anayepokea simu ndiye wa kwanza kujua lolote kati ya hayo linapobadilika, kwa hiyo yeye ndiye apewe uwezo wa kuusahihisha, hata kama aliyeutengeneza yuko Nairobi. Makala haihitaji ulinzi huo. Inahitaji tarehe yake ionekane juu, chini ya kichwa, mahali ambapo msomaji wa simu ataiona kabla hajaanza kusoma.